Eneo la Kitalu cha Mpunga kwa Hekta Moja: Hesabu Inayoanzia kwenye Miche ya Mita Moja ya Mraba

Mkulima wa mpunga wa umwagiliaji anayeuliza kitalu kiwe na ukubwa gani ili kitosheleze hekta moja, kwa kawaida hujibiwa kwamba atenge sehemu moja ya kumi ya shamba lake, yaani mita za mraba 1,000, na jibu hilo limerudiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba wengi hulichukua kuwa ndiyo hesabu yenyewe. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halina budi kutanguliwa na swali jingine, nalo ni hili: mita moja ya mraba ya kitalu itatoa miche mingapi inayofaa kupandikizwa siku ya kung'oa? Mwenye kulijua hilo hahitaji kanuni ya sehemu moja ya kumi, kwa kuwa eneo la kitalu ni idadi ya miche inayohitajika shambani ikigawanywa kwa idadi ya miche inayopatikana katika kila mita ya mraba ya kitalu. Mgawanyo huo ni mwepesi, na ugumu wote umo katika kuzipata namba mbili zinazogawanywa.

Namba ya kwanza, ile ya mahitaji ya shamba, huanzia kwenye nafasi ya kupandikizia. Shamba likipandikizwa kwa mistari, kwa nafasi ya sentimita 20 kati ya mstari na mstari na sentimita 20 kati ya shimo na shimo, kila shimo huwa limepewa sentimita za mraba 400, hivyo mita moja ya mraba huchukua mashimo 25 na hekta nzima huchukua mashimo 250,000. Shimo hapa halimaanishi tundu lililochimbwa, bali ni mahali pamoja ambapo mpandikizaji anachomeka mche au miche kwenye tope. Kila shimo likipewa miche miwili, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa mbegu inayochipua vizuri kama SARO 5, ijulikanayo pia kwa jina la TXD 306, mahitaji huwa ni miche 500,000. Juu ya hiyo inafaa kuongezwa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kurudishia, yaani kujaza mapengo ya miche iliyokufa au kung'olewa na maji katika siku chache za mwanzo, na kwa hiyo hekta moja inahitaji miche 550,000.

Namba hiyo hubadilika haraka sana pale ambapo nafasi au idadi ya miche kwa shimo inapobadilika, na wengi hawaoni jinsi inavyobadilika. Mkulima anayefuata kilimo shadidi, ambacho ni mfumo wa kupandikiza mche mmoja mmoja ukiwa bado mchanga kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, ana mashimo 160,000 tu kwa hekta na anahitaji miche 176,000 pamoja na ya kurudishia, wakati jirani yake anayechomeka miche mitatu kwa nafasi ya 20 kwa 20 anahitaji miche 825,000. Mashamba hayo mawili yana ukubwa uleule, lakini kitalu cha mmoja hakiwezi kumfaa mwingine, na ndiyo maana kanuni inayotaja ukubwa wa shamba peke yake haiwezi kuwa sahihi kwa wote wawili.

Namba ya pili, ile ya miche ya mita moja ya mraba, huanzia kwenye uzito wa mbegu. Kipimo kinachohitajika ni uzito wa punje 1,000, nacho hupatikana kwa kuhesabu punje 200 mara tano kutoka sehemu mbalimbali za gunia na kuzipima zote pamoja kwenye mizani ndogo. Mpunga wa kawaida hukaribia gramu 25, ingawa mbegu zenye punje nyembamba, kama Basmati inayolimwa Mwea nchini Kenya, huwa nyepesi zaidi na zinaweza kuwa gramu 21 hivi. Upimaji huo ufanyike baada ya mbegu kuchambuliwa kwa maji ya chumvi, ambamo mapepe, yaani punje tupu na zile zisizojaa vizuri, huelea na kuondolewa, na zile zilizozama husuuzwa kwa maji safi na kuanikwa. Vinginevyo mapepe yataingia kwenye hesabu ya punje ilhali hayataingia kwenye hesabu ya miche.

Ikiwa mkulima amekusudia kusia gramu 60 za mbegu kavu katika kila mita ya mraba, na punje 1,000 zina uzito wa gramu 25, basi kila mita ya mraba inapokea punje 2,400. Punje hizo haziwi miche yote. Jaribio la uotaji, ambalo ni kuweka punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu na kuhesabu zilizoota baada ya wiki moja, likionyesha kwamba zimeota 85, punje 2,400 hushuka hadi 2,040. Kati ya hizo zinazoota, baadhi huliwa na ndege, baadhi huoza mahali ambapo maji yametuama, na baadhi hufunikwa na tope zikakosa hewa, na iwapo kitalu kimetunzwa vizuri inafaa kukadiria kwamba asilimia 80 husimama, yaani miche 1,632. Siku ya kung'oa, miche midhaifu hutupwa na mingine hukatika mizizi au mashina, na hasara ya asilimia 10 si kubwa kwa kazi inayofanywa na watu wanaolipwa kwa kasi yao. Baada ya hasara hiyo hubaki miche 1,469 inayofaa kupandikizwa. Makadirio haya mawili ya mwisho, asilimia 80 na asilimia 10, ni ya kuanzia tu, na mkulima aliyekwisha kuhesabu miche yake kwa msimu mmoja au miwili anapaswa kuweka namba za shamba lake mwenyewe mahali pake.

Sasa mgawanyo unaweza kufanywa. Miche 550,000 ikigawanywa kwa 1,469 huleta mita za mraba 374 na kidogo, na mbegu inayohitajika ni kilo 22 na nusu. Msikilizaji aliyezoea kupima kwa ekari atapata mita za mraba 151 na kilo 9 hivi kwa kila ekari.

Mita hizo 374, hata hivyo, ni za matuta peke yake, na hapa ndipo makadirio mengi huharibika kwenye hatua ya mwisho. Kitalu cha tope hugawanywa katika matuta yenye upana ambao mtu anaweza kuufikia kwa mkono kutoka pande zote mbili, na kati ya tuta na tuta huachwa mfereji wa kupitishia maji na wa kukanyaga. Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 20 lina eneo la mita za mraba 24, hivyo mita 374 zinahitaji matuta 15 na zaidi ya nusu, yaani matuta 16 yenye jumla ya mita za mraba 384. Mfereji wa sentimita 40 ukiongezwa kwa kila tuta, kila tuta linatwaa mita za mraba 32 za ardhi, na kitalu kizima kinahitaji mita za mraba 512 kabla ya kuhesabu kingo za jaruba. Mkulima aliyetenga ardhi ya mita 374 na kuchimba mifereji humo atakuwa na matuta 11 badala ya 16, na upungufu huo hautaonekana mpaka siku ambayo wapandikizaji wamefika theluthi mbili ya shamba na miche imekwisha.

Hatari nyingine iliyojificha iko kwenye mizani. Mbegu ya kitalu cha tope hulowekwa kwa saa 24 hivi, kisha huopolewa na kufunikwa ndani ya gunia lenye unyevu kwa siku moja au mbili hadi ncha nyeupe ya mzizi inapochungulia, na ndipo inaposiwa. Katika muda huo punje hunywa maji, na mbegu iliyokuwa na uzito wa gramu 100 ikiwa kavu hukaribia gramu 125. Mkulima anayekumbuka kwamba kila tuta la mita 24 linahitaji gramu 1,440, na akapima gramu hizo kutoka kwenye gunia la mbegu iliyokwisha kuchipua, kwa kweli amepima gramu 1,152 za mbegu kavu. Tuta lake limepata gramu 48 kwa mita ya mraba badala ya 60, na kitalu chote kitakosa mche mmoja katika kila mitano iliyotarajiwa. Mbegu iliyobaki kwenye gunia ndiyo inayotoa ushahidi wa kosa hilo, lakini mara nyingi huchukuliwa kuwa ni ziada iliyosalia kwa bahati njema, na hutupwa kwa kuku.

Njia salama ni kupima mbegu yote ikiwa kavu, kilo 23 na gramu 40 kwa matuta 16 ya mfano huu, kisha baada ya kuchipua kuligawa rundo zima katika mafungu 16 yaliyo sawa, kila tuta fungu lake, bila kujali kila fungu lina uzito gani wakati huo. Kila fungu nalo lisiwe la kumwagwa mara moja. Msiaji akipita na nusu yake kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho, kisha akarudi na nusu ya pili kutoka upande wa pili, mahali palipopata kidogo mara ya kwanza hupata nafasi ya kufidiwa.

Baada ya hapo hujitokeza swali ambalo kila mwenye eneo dogo huliuliza, nalo ni kama haiwezekani kusia mbegu nzito zaidi ili kitalu kipungue. Inawezekana, ila faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mbegu ikiongezwa maradufu hadi gramu 120 kwa mita ya mraba, punje huwa 4,800 na zinazoota huwa 4,080, lakini msongamano huanza kudai haki yake, kwa kuwa miche inayogombea mwanga hurefuka na kuwa myembamba, ile iliyochelewa kuota hufunikwa na wenzake, na mizizi husukana kiasi kwamba kuitenganisha ni kuikata. Ikikadiriwa kwamba zinazosimama ni asilimia 75 badala ya 80, na zinazotupwa siku ya kung'oa ni asilimia 20 badala ya 10, miche inayofaa huwa 2,448 kwa mita ya mraba, na eneo la matuta hushuka kutoka mita 374 hadi 225. Eneo halikupungua kwa nusu, wakati mbegu imepanda kutoka kilo 22 na nusu hadi 27, na miche yenyewe ni midhaifu zaidi.

Upande wa pili wa jambo hilo hauzungumzwi sana, ingawa ndio wenye manufaa. Mkulima anayesia kwa wepesi, gramu 40 kwa mita ya mraba, hupata punje 1,600, zinazoota 1,360, zinazosimama 1,088, na kwa kuwa miche yake ni minene na huachana kwa urahisi, hasara ya kung'oa ikishuka hadi asilimia 8 atabaki na miche 1,000 hivi. Kitalu chake kitakuwa cha mita 550, lakini mbegu atakayotumia ni kilo 22, yaani hakuna nyongeza yoyote ya mbegu. Jambo hilo huwashangaza wengi, ingawa sababu yake ni wazi: wingi wa mbegu huamuliwa na idadi ya miche inayotakiwa shambani na hasara za njiani, si na ukubwa wa kitalu. Kusia kwa wepesi hugharimu ardhi, maji na kazi ya kusawazisha tope, lakini hakugharimu mbegu, na mtu anayebana kitalu akidhani kwamba anaokoa mbegu anafanya kinyume cha anachokusudia.

Hesabu zote zilizotajwa hadi hapa ni za kabla ya kusia, nazo zinabaki kuwa matarajio mpaka miche yenyewe ihesabiwe ikiwa kwenye tuta. Kifaa kinachohitajika ni fremu ya mraba iliyotengenezwa kwa waya mgumu au vijiti vinne, yenye sentimita 20 kila upande kwa ndani, ambayo eneo lake ni sehemu moja ya 25 ya mita ya mraba. Fremu hulazwa juu ya miche mahali mbalimbali, katika matuta tofauti, bila kuchagua mahali panapopendeza wala kuegemea ukingo wa tuta, na kila inapolazwa huhesabiwa miche yote iliyo ndani yake. Wastani wa hesabu hizo ukizidishwa kwa 25 huwa ndio idadi ya miche kwa mita ya mraba.

Ikichukuliwa kwamba katika kitalu cha mfano huu fremu imelazwa mara nane na kuleta miche 71, 58, 66, 80, 49, 62, 69 na 57, jumla yake ni 512 na wastani wake ni 64, hivyo mita moja ya mraba ina miche 1,600, namba iliyo karibu sana na 1,632 iliyotarajiwa. Asilimia 10 ya kung'oa ikitolewa hubaki 1,440, na matuta 16 yenye mita 384 yatatoa miche 552,960. Hekta ilihitaji 550,000, na mwenye kitalu hicho anaweza kwenda kutafuta wapandikizaji akiwa na uhakika.

Hesabu hiyo inafaa kufanywa mara mbili, na ile ya kwanza, siku ya nane hivi baada ya kusia, ina thamani kubwa kuliko ya pili, kwa sababu siku hiyo bado upo wakati wa kurekebisha. Ikiwa wastani wa fremu ni 44 badala ya 64, mita ya mraba ina miche 1,100, na baada ya hasara ya kung'oa hubaki 990, ambayo kwa kitalu kizima ni miche 380,160. Kabla ya kuamua la kufanya, mkulima anapaswa kuzitazama hesabu zenyewe badala ya wastani peke yake, kwa kuwa wastani uleule wa 44 unaweza kutokana na hali mbili zisizofanana. Fremu zikionyesha 41, 47, 43, 45 na kuendelea hivyo, kitalu kimekonda kwa usawa, na kosa liko kwenye mbegu au kwenye mizani: ama uotaji ulikuwa chini ya ule uliodhaniwa, ama mbegu ilipimwa ikiwa na maji. Fremu zikionyesha 5, 80, 12, 79, mbegu ni nzima na kosa liko kwenye tuta. Mtu akiingiza kidole kwenye tope mahali penye pengo, pale palipo chini kidogo kuliko pengine, atakuta punje zimelainika na kutoa harufu ya kuoza kwa kuwa maji yalituama juu yake. Akikuta makapi yaliyopasuliwa na hakuna punje, waliopita hapo ni ndege.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa nyongeza. Upungufu ni miche 169,840 katika hali zote mbili, lakini kama kosa lilikuwa ni maji yaliyotuama au mbegu kupimwa ikiwa imelowa, matuta mapya yaliyosawazishwa na kupimiwa mbegu vizuri yatatoa miche 1,440 kwa mita, na mita 118 zinatosha, yaani matuta matano. Kama mbegu yenyewe ndiyo dhaifu, matuta mapya yatakayosiwa mbegu hiyohiyo yatatoa miche 990 tu kwa mita kama yale ya kwanza, na nyongeza inayohitajika ni mita 172. Kuongeza matuta matano wakati mbegu ndiyo dhaifu ni kuutengeneza upungufu uleule kwa mara nyingine.

Ikiwa upungufu umegunduliwa siku ya kung'oa, kusia upya hakufai tena, maana miche ya nyongeza itachelewa kwa wiki tatu na shamba litakuwa na mpunga unaokomaa kwa nyakati mbili, jambo linalosumbua wakati wa kuondoa maji na kuwapa kwelea kwelea muda mrefu zaidi wa kula. Linalowezekana ni kubadilisha namba ya mahitaji. Nafasi ikipanuliwa hadi sentimita 25 kwa 25, hekta inahitaji mashimo 160,000 na miche 320,000 kwa miche miwili kila shimo, na miche 60,160 hubaki kwa ajili ya kurudishia. Njia ya pili ni kubaki na nafasi ya 20 kwa 20 na kuchomeka mche mmoja katika mashimo yaliyozidi nusu, njia ambayo ni salama pale tu jaruba lilipo tambarare, kwa kuwa mche mmoja ukizama penye kina shimo zima limepotea. Inayoonekana kuwa bora ni ile ya kwanza, ikiwa miche bado ina siku 21 au pungufu, kwa sababu miche hiyo ina uwezo wa kujaza nafasi iliyoachwa kwa machipukizi, yaani mashina mapya yanayotoka kwenye kitako cha mche.

Umri wa miche ndio unaoleta ugumu wa mwisho katika hesabu hii, nao unahusu zaidi skimu ambazo maji yake hayana uhakika. Katika skimu ya Lower Moshi mkoani Kilimanjaro, kwa mfano, ambako mashamba yamepangwa katika majaruba ya hekta 0.3, upungufu wa maji na kilimo kinachofuata zamu ni mambo yanayofahamika tangu zamani, na mkulima anaweza kuwa na miche iliyokomaa huku jaruba likiwa bado halijavurugwa tope. Mche unaosubiri kwenye kitalu hupitisha humo siku ambazo ungekuwa unachipua shambani, na katika msongamano wa kitalu machipukizi hayatoki. Mche wa siku 35 ukipandikizwa hutoa machipukizi machache, na wapandikizaji wazoefu hufidia kwa kuchomeka miche mitatu au minne mahali pa miwili. Kwa maneno mengine, ucheleweshaji wa maji huongeza mahitaji ya miche baada ya kitalu kuwa kimekwisha kusiwa: miche 550,000 inakuwa 825,000, na kitalu cha mita 374 kilipaswa kuwa cha mita 562.

Tena miche inayotarajiwa kusubiri haifai kusiwa kwa gramu 60, kwa kuwa msongamano ambao mche wa siku 21 huuvumilia huudhoofisha ule wa siku 35. Ikisiwa kwa gramu 40, ambapo mita hutoa miche 1,000 hivi, miche 825,000 inahitaji matuta yenye mita 825 na mbegu kilo 33, na pamoja na mifereji ardhi inayotwaliwa huzidi kidogo mita za mraba 1,100. Hapo ndipo ile sehemu moja ya kumi inapopata maana yake: inamfaa mkulima mwenye maji ya kubahatisha, miche mikubwa na mashimo ya miche mitatu, na inamzidi kwa mbali yule mwenye maji ya uhakika.

Kwa mwenye jaruba moja la hekta 0.3 asiyejua zamu yake itafika lini, ipo njia nyingine isiyohitaji kitalu kikubwa kiasi hicho. Mahitaji ya jaruba hilo kwa miche miwili kila shimo ni miche 165,000, ambayo hupatikana katika matuta matano ya mita 24 yaliyosiwa kilo 7 na gramu 200 za mbegu kavu. Badala ya kuyasia yote siku moja, matatu husiwa kwanza na mawili husiwa siku kumi baadaye, kila kundi kwa mbegu iliyolowekwa kwa wakati wake. Maji yakifika mapema, matuta matatu ya kwanza hutoa miche ya zaidi ya nusu ya jaruba na sehemu iliyobaki husubiri siku chache ikiwa imevurugwa tope tayari. Yakichelewa kwa siku kumi, miche ya matuta matatu huwa na siku 31 na huchomekwa mitatu mitatu katika eneo dogo zaidi, wakati ile ya matuta mawili ikiwa na siku 21 kamili. Katika hali hiyo ya kuchelewa, matuta matatu yenye miche 103,680 yatatosheleza mashimo 31,400 hivi pamoja na ya kurudishia, na matuta mawili yenye miche 69,120 yatatosheleza idadi hiyohiyo, jumla ikiwa ni mashimo 62,800 dhidi ya 75,000 yanayohitajika. Upungufu huo wa mashimo 12,200 hufidiwa na tuta moja la ziada la miche ya siku 21, na mkulima wa skimu ya aina hiyo anafanya vema kulisia tuta hilo la sita pamoja na kundi la pili, kwa gramu 1,440 za mbegu.